Rafiki wa karibu amekwambia anakupenda, nawe humtaki hivyo: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukimjibu kwa kuzungukazunguka, hataumia sana.

Mtu akishtukizwa na rafiki yake, mdomo hukimbilia visingizio: "kwa sasa sipo tayari", "acha kwanza nimalize masomo". Shida ni kwamba visingizio hivi vina mwisho. Masomo yataisha, na rafiki yako atakuwa amekaa pale pale anasubiri, tena kwa haki kabisa, maana wewe ndiye uliyempa tarehe.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walichapisha utafiti wa visa vya mapenzi ya upande mmoja, vikisimuliwa na waliopenda na waliokataa. Waliopenda walieleza mara nyingi kwamba walipewa matumaini na hawakuambiwa wazi. Waliokataa walijiona hawakumpa mtu matumaini yoyote, ila walielemewa na hatia na hawakujua waseme nini. Pengo hilo ndilo linaloua urafiki: mmoja anaamini ameshakataa, mwenzake bado hajasikia.

Tuseme ujumbe umeingia saa nne usiku: "Nimekaa na hili miezi mingi. Nakupenda, na si kirafiki tu." Usimwache akeshe akiona umesoma na umenyamaza. Mjibu usiku huo huo, kwa maandishi kama alivyoandika yeye, ili alipokee akiwa peke yake bila kulazimika kuutunza uso mbele yako:

"Nimesoma yote, na najua haikuwa rahisi kuyasema. Mimi sina hisia hizo kwako, na sitaki ukae ukisubiri nibadilike. Urafiki wetu naujali, ila usijilazimishe kuwa sawa leo. Hili litabaki kati yetu."

Sentensi ya pili ndiyo jibu lenyewe. Haina sababu, na ambapo hakuna sababu hakuna cha kurekebisha wala kujadili. Angalia pia neno lisilokuwepo: "nakupenda". Kiswahili hulitumia kwa mpenzi na kwa rafiki vile vile, kwa hiyo ukiandika "nakupenda sana, lakini kama rafiki", yeye atairudia nusu ya kwanza mara kumi. Sema "nakujali" au "nakuthamini".

Dhana: "Nakuona kama kaka yangu" au "kama dada yangu" ni kukataa kwa heshima.

Anayesema hukusudia wema. Anayesikia huambiwa kwamba hata kufikiriwa hafai, na siku ukimkumbusha habari ya undugu atahisi unamsuta. Hisia zako zinatosha. Huna haja ya kumpa cheo kipya.

Dhana: Kuomba samahani tena na tena hupoza.

Utafiti wa mwanasaikolojia Gili Freedman na wenzake, uliochapishwa 2017, ulionyesha kinyume: watu waliokataliwa kwa maneno yenye samahani ndani yake waliumia zaidi, tena walijiona wamebanwa kusema wamesamehe hata kama moyoni bado. Ukiomba msamaha unampa kazi ya kukufariji, usiku ambao yeye ndiye mwenye maumivu. "Najua inauma" hufanya kazi vizuri zaidi, maana haimdai chochote.

Dhana: Ili urafiki upone, endeleeni kama jana.

Hapa ndipo wengi huharibu baada ya kukataa vizuri. Hatia inamsukuma aliyekataa kufidia: anapiga simu mara nyingi kuliko zamani, anatuma "umelala?" usiku, anamwegemea wakiwa wamekaa. Matumaini hulishwa na tamu za mara moja moja, na mtu asiyejua ya kesho hung'ang'ania kuliko anayejua hakuna kitu.

Afadhali mkubaliane nafasi inayojulikana. Mwambie: "Nikikaa kimya wiki tatu hizi, sijakukasirikia, nakuachia upumue. Ukiwa tayari kabla ya hapo, nitafute." Mkikutana kwenye kundi la marafiki, msalimie kama kawaida. Mazungumzo ya usiku ya watu wawili na habari za wapenzi wako wapya ziweke kando kwanza.

Utajua nafasi haijatosha akianza kuuliza "hujabadilisha mawazo?", zawadi zikiongezeka, au akinuna ukimtaja mtu mwingine. Rudia jibu lile lile kwa maneno yale yale, kwa sababu ukibadilisha hata neno atatafuta maana ndani yake, kisha ongeza umbali. Akiendelea kukubana baada ya hapana ya pili, sasa tatizo ni mipaka yako isiyoheshimiwa, na una ruhusa ya kuondoka.

Akirudi mwenyewe, huenda ikawa kwa jambo dogo tu: kuulizia kitabu alichokuazima, au picha ya kuchekesha. Mjibu kwa ukubwa ule ule. Usiulize "sasa uko sawa?", zungumzieni kitabu.