GPS ya Bodaboda: Itume Taarifa Kila Baada ya Sekunde Ngapi?

Mwenye pikipiki aliyempa dereva chombo kwa mkataba huuliza swali hili fundi anapomaliza kufunga GPS. Jibu analopewa mara nyingi ni sekunde 10, usiku na mchana. Ni jibu baya, na limejengwa juu ya dhana ambazo hazina ukweli.

Dhana: Sekunde zikipungua, mstari kwenye ramani utafuata barabara.

Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde. GPS ikihifadhi nukta ya mahali ilipo kila sekunde 30, kati ya nukta na nukta kuna mita 300. Kwenye barabara kuu iliyonyooka hakuna tatizo. Ndani ya Kariakoo, mita 300 ni njia panda kadhaa, na ramani itachora pikipiki ikipasua katikati ya maduka. Kushuka hadi sekunde 10 kunapunguza kasoro bila kuiondoa: kona bado inaangukia kati ya nukta mbili, na kule barabara iliponyooka unapata nukta tatu ambapo moja ingetosha.

Nukta inahitajika pale pikipiki inapogeuka. Vifaa vingi vya kufungwa kwa waya vina kipimo cha pembe. Kwenye Teltonika FMB920 kinaitwa `Min Angle`. Mwelekeo ukibadilika kwa nyuzi ulizoweka, nukta inahifadhiwa bila kusubiri muda ufike. Kwa kazi za mjini ningeanza hivi, umbali ukiwa kwa mita na muda kwa sekunde:

```
Min Period: 60
Min Distance: 300
Min Angle: 20
Send Period: 60
```

Kati ya muda, umbali na pembe, sharti lolote likitimia nukta inahifadhiwa. Usishushe pembe hadi nyuzi 5, maana dereva anayepenya kwenye foleni atakujazia nukta zisizo na maana.

Dhana: Bando linaliwa na wingi wa nukta.

Wingi wa nukta unachangia, lakini kila safari ya kwenda kwenye seva ina gharama yake. Chukua nukta ya baiti 50. Vichwa vya IP na TCP, yaani taarifa za kusafirishia zinazotangulia kila kifurushi cha data, vinaongeza 40, na jibu la seva angalau 40 nyingine. Nukta sita za dakika moja zikitumwa mojamoja ni baiti 780; zikitumwa kwa mkupuo mmoja ni 380. Kwa saa 8 za kazi, kila siku kwa mwezi mzima, hiyo ni tofauti ya takriban MB 11 na MB 5.5. Ndiyo maana ya `Send Period` hapo juu: nukta zinakusanywa, kisha zinaondoka pamoja kila dakika. Gharama yake ni kwamba unaona mahali pikipiki ilipo kwa kuchelewa hadi dakika moja. Ikiibiwa, unafupisha muda huo kwa SMS.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye zile saa 16 ilizoegeshwa. Kifaa kikituma kila sekunde 10 muda wote, saa hizo zinakula data mara mbili ya saa za kazi, na zote zinasema pikipiki ipo palepale.

Dhana: Kurefusha muda wa kutuma kunaokoa betri.

Pikipiki ikitembea, injini yenyewe inachaji betri. Balaa huanza ikizimwa. Kifaa kilicho macho kinaweza kuvuta miliampia 40, na kutoka sekunde 10 hadi 60 unaokoa kidogo tu, kwa sababu kipokezi cha setilaiti na modemu vinabaki vimewaka. Miliampia 40 kwa saa 24 ni karibu ampia-saa 1. Betri ya ampia-saa 5 inaisha kwa takriban siku tano, na stata inagoma mapema kuliko hapo.

Kinachookoa ni usingizi. Kwa miliampia 4, matumizi ya siku ni ampia-saa 0.1. `Deep Sleep` inazima GPS na kukata mtandao hadi kifaa kihisi mtikisiko au swichi iwashwe. `Online Deep Sleep` inazima GPS lakini inabaki hewani, ikila umeme zaidi kidogo. Kwa chombo cha mkopo ningechagua hiyo ya pili.

Usingizi hauji kama kifaa hakijui kuwa injini imezimwa, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuunganisha kwenye swichi waya wa ACC, unaokiambia kifaa kama swichi imewashwa au imezimwa. Fungua ramani ya usiku: ukiona mistari imetawanyika kama nyota kuzunguka maegesho, kifaa kilikesha kikirekodi mtetereko wa GPS. Hakikisha kwa mita ya umeme: zima swichi, pitisha waya chanya wa kifaa kwenye mita, subiri muda wa kulala uliowekwa upite, kisha soma. Mita ikibaki kwenye makumi ya miliampia, anza kukagua waya huo kabla ya kununua betri mpya.