Kulipwa deni mapema kunaweza kuwa hasara?

Nikirudishiwa pesa zangu zote za hatifungani kabla ya muda, hasara yangu iko wapi?

Iko kwenye riba ya miaka iliyobaki. Chukua hatifungani ya miaka 30 ambayo Wizara ya Fedha ya Marekani iliitoa Novemba 1984 kwa riba ya asilimia 11.75 kwa mwaka. Ilikuwa iive Novemba 2014, lakini masharti yaliipa serikali haki ya kuilipa kuanzia Novemba 15, 2009, dola 100 kwa kila dola 100 inayodaiwa, mradi itoe notisi ya miezi minne. Julai 2009 notisi ikatoka.

Aliyekuwa na hatifungani ya dola 10,000 alikuwa akipokea dola 1,175 kwa mwaka. Novemba akakabidhiwa 10,000 zake kamili, hakupunjwa hata senti. Tatizo ni pa kuzipeleka: wakati huo hatifungani mpya ya serikali hiyohiyo, ya miaka mitano, ilikuwa ikilipa asilimia 2 na kitu. Tukisema 2.25, mapato yake yameshuka hadi dola 225 kwa mwaka. Kwa miaka mitano iliyobaki, amekosa dola 4,750.

Wala hiyo si bahati mbaya. Mkopaji hulipa mapema riba zinaposhuka, kwa sababu ndipo anapoweza kukopa upya kwa bei nafuu. Zikipanda, hana haraka. Anakuacha na riba yako ndogo mpaka mwisho. Haki ya kuchagua ni yake peke yake, na ndiyo maana hatifungani za namna hii kwa kawaida hutoa riba ya juu kidogo kuliko zisizo na sharti hilo. Ile nyongeza ni malipo ya haki uliyomuuzia.

Anayeumia zaidi ni anayenunua mkononi kwa mwekezaji mwingine. Tuseme mtu aliinunua hatifungani hii mwaka mmoja kabla ya tarehe ya kulipwa, kwa dola 110 kwa kila 100. Akipiga hesabu hadi 2014, faida ni kama asilimia 9.5 kwa mwaka, na inavutia kweli. Lakini ikilipwa 2009, anapata riba ya 11.75 kisha anapoteza zile 10 alizolipa juu. Kinachobaki ni 1.75 kwa 110 alizotoa, yaani asilimia 1.6.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, tafuta kwenye waraka wa toleo tarehe ya kwanza ya kulipwa mapema, bei itakayolipwa (kampuni nyingi huongeza kidogo juu ya 100) na muda wa notisi. Kisha piga hesabu mbili, hadi tarehe hiyo na hadi kuiva, na uamue kwa ile iliyo ndogo. Ukiona riba za soko zimeshuka sana lakini bei ya hatifungani inagoma kupanda mbali na 100, wanunuzi wengine wameshaipiga hesabu hiyo.