Kwa nini ghorofa kwenye renda linageuka kitu cha kuchezea

Dhana: Ukungu mwingi mbele na nyuma ndio unaifanya renda ifanane na picha ya kamera.

Kwa picha ya mtu, sawa. Kwa jengo ni kinyume. Kamera hutoa ukungu mzito hasa inapotazama kitu kwa karibu, na macho yetu yameshazoea hivyo: yakiona ukungu, yanajua kitu ni kidogo.

Chukua ghorofa la mita 12, kamera ikiwa mita 30, lenzi ya milimita 35 na kihisi cha upana wa milimita 36. Ukifokasi ukuta wa mbele, hata tundu la lenzi likifunguliwa hadi f/2.8, kila kitu kuanzia kama mita 10 kutoka kwenye kamera hadi mwisho wa upeo kinabaki wazi. Mnazi ulio nyuma ya jengo hauna sababu ya kuyeyuka. Kinachostahili ukungu ni jani lililo mita moja au mbili mbele ya lenzi, basi.

Dhana: Likionekana la kuchezea, ongeza F-Stop.

Kwanza pima mlango. Mimi niliwahi kuhangaika na ghorofa kama hilo kwenye Blender. F-Stop ilikuwa 8 na bado mteja akaniuliza kama nimepiga picha modeli ya kadibodi. Kumbe faili liliingia na vipimo vilivyosinyaa mara 100: mlango wa mita 2.1 ulisomeka sentimita 2.1. Kwa kamera, hilo lilikuwa jengo la sentimita 12 lililo sentimita 30 mbele yake, na kwa umbali huo f/8 inaacha wazi sentimita 3 hivi tu. Ndiyo maana baraza lilikuwa kali, na ngazi zilizo nyuma yake zikawa uji.

Nilikuza modeli mara 100, nikarudisha kamera mita 30 na kuweka Focus Distance upya. Kwa f/8 ile ile, picha ikawa wazi kuanzia mita 4 na kitu. Bila kukuza, ningehitaji F-Stop ya 800, namba ambayo hakuna lenzi ya dukani inayoijua.

Dhana: Ukungu juu na chini ya picha ndio mtindo wa wapiga picha za majengo.

Huo ndio ujanja wa kuufanya mji halisi uonekane wa kuchezea! Ukungu hufuata umbali kutoka kwenye kamera, haufuati kimo cha picha. Linganisha paa na mlango wa ukuta mmoja: umbali wao kutoka kwenye kamera unakaribiana, kwa hiyo paa likififia na mlango ukabaki mkali, kuna kosa. Ukitaka kuongeza ukungu baada ya kurenda, tumia pasi ya Z, ile inayohifadhi umbali wa kila sehemu kutoka kwenye kamera, usipake kwa mkono.

Na zile lenzi za kuinamisha na kusogeza, wapiga picha za majengo huzitumia zaidi kusogeza, ili kuta zisimame wima. Kwenye Blender kazi hiyo hufanywa na Shift Y, kamera ikiwa imelala sawa, na haileti ukungu wowote.