Je, wajua kwa nini AAS, mashine inayopima madini kwa mwanga unaofyonzwa, husoma shaba pungufu mstari wa standadi unapopinda?

"Tumepima udongo wa kihamba cha kahawa kutoka Kibosho. Maji ya DTPA, kemikali ya kutolea shaba kwenye udongo, tuliyoyachuja, yakisomwa moja kwa moja kwenye AAS, yanatoa shaba mg 13.9 kwa lita. Tukiyazimua mara 10 halafu tukazidisha, tunapata 20.1. Standadi yetu ya juu ni mg 5. Tuamini lipi?"

Aminini 20.1, ilimradi mlizimua kwa pipeti na chupa ya ujazo, na kwa myeyusho uleule wa DTPA. Ile 13.9 imetoka mahali ambapo mashine haikufundishwa kusoma: standadi, yaani miyeyusho yenye shaba ya kiasi kinachojulikana, zinaishia mg 5 kwa lita, kisha programu ikauendeleza mstari ulionyooka hadi mbali, ilhali mwenendo halisi wa shaba ulikuwa umeshaanza kupinda.

Shaba nyingi kiasi hicho haishangazi kwenye mashamba ya zamani ya kahawa ya Kilimanjaro na Meru. Dawa za kopa zimepulizwa huko kwa miongo mingi dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, na shaba haichujiki chini kwa urahisi kama chumvi nyingine. Hushikamana na mboji na kubaki kwenye udongo wa juu. Ndiyo maana sampuli ya kihamba inaweza kusoma mara nyingi zaidi ya sampuli ya shamba la mahindi la tambarare iliyo jirani yake kwenye foleni ya siku hiyo.

Kwanza tuone mstari unavyotengenezwa. Kwa njia ya DTPA, gramu 10 za udongo hutikiswa na mL 20 za myeyusho kwa saa 2, kisha huchujwa. Standadi nazo zitengenezwe ndani ya myeyusho huohuo wa DTPA, kwa sababu maji matupu hunyonywa na kunyunyizwa kwenye mwali tofauti na maji yenye chumvi na trietanolamini. Kutoka kwenye standadi mama ya mg 1000 kwa lita, chukua mL 10 ujaze hadi mL 100: hiyo ni mg 100. Kutoka hapo chukua mL 1, 2, 3, 4 na 5, kila moja ujaze hadi mL 100 kwa DTPA. Unapata mg 1 hadi 5 kwa lita bila kupima ujazo mdogo kuliko mL 1, na hapo pipeti bado inaaminika.

Blanki ziko mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni DTPA safi, hiyo ndiyo ya kuwekea sifuri ya mashine. Ya pili ni DTPA iliyopita safari yote bila udongo: imetikiswa saa 2 kwenye chupa ileile, imepita kwenye karatasi ileile ya kuchujia. Hii ya pili haiwekewi sifuri. Husomwa kama sampuli, na jibu lake hutolewa kwenye majibu ya sampuli. Ikisoma ufyonzaji wa 0.004 kwenye mstari tutakaouona hapa chini, hiyo ni takriban mg 0.07 kwa lita, yaani mg 0.14 kwa kilo ya udongo, maana mL 20 kwa gramu 10 hufanya kila mg ya lita iwe mg 2 za kilo. Kwa kihamba chenye shaba nyingi kiasi hicho hakisumbui. Kwa shamba lenye upungufu kinaweza kuwa sehemu kubwa ya jibu, na chanzo chake mara nyingi ni chupa ambazo hazikulowekwa kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10.

Taa ya shaba ipashwe dakika 10 hadi 15, mwali wa hewa na asetilini utulie, ndipo usome kwenye 324.8 nm. Mfano wa masomo mazuri ni huu: blanki 0.000, mg 1 ni 0.057, mg 2 ni 0.114, mg 3 ni 0.170, mg 4 ni 0.225, mg 5 ni 0.279. Sasa fanya kitu ambacho programu haikuonyeshi yenyewe: gawanya kila ufyonzaji kwa kiasi chake. Utapata 0.057, 0.057, 0.0567, 0.0563, 0.0558. Namba hizo zinashuka, lakini kutoka mwanzo hadi mwisho zimeshuka kwa asilimia 2 tu. Hapo mstari ulionyooka unafaa, na mteremko wake ni 0.0562.

Endelea juu ya hapo na picha hubadilika. Tuseme mg 10 inasoma 0.500, mg 15 inasoma 0.660, na mg 20 inasoma 0.780. Ukigawanya unapata 0.050, 0.044, 0.039. Kila mg inayoongezwa inazaa ishara ndogo kuliko ile iliyotangulia. Sasa chukua 0.780 ugawe kwa 0.0562: jibu ni 13.9. Ndiyo namba yenu ya kwanza. Myeyusho uliozimuliwa mara 10 ulisoma 0.113, sawa na mg 2.01, na mara 10 ni 20.1. Kwa udongo wenyewe, ni tofauti kati ya mg 28 na mg 40 za shaba kwa kilo.

Kwa nini hupinda? Ufyonzaji ni logi ya mwanga ulioingia kugawa kwa ule uliopita. Zikipita sehemu 10 kati ya 100, ufyonzaji ni 1. Ikipita sehemu 1 tu, ni 2. Hesabu hiyo inadhani kwamba mwanga wote unaofika kwenye kigunduzi unaweza kufyonzwa na shaba. Lakini taa hutoa pia mwanga mwingine, kwa mfano wa gesi iliyojazwa ndani yake, na sehemu yake hupenya kwenye mwanya wa mashine unaochuja mwanga, pamoja na ule wa 324.8. Shaba ikiongezeka kwenye mwali, huumeza ule wake, lakini huu mgeni unapita bila kuguswa.

Weka namba. Tuseme kwa kila sehemu 100 za mwanga halali kuna 5 za mgeni. Ufyonzaji wa kweli ukiwa 0.2, mashine itaona 0.188, upungufu wa asilimia 6. Ukiwa 1.0, zinapita 10 halali na 5 za mgeni, yaani 15 kati ya 105, na mashine itaona 0.845. Ukiwa 2.0, itaona 1.24. Na hata ukimwaga shaba kiasi gani, haitazidi 1.32, kwa sababu zile 5 hazizimiki. Mwanya mpana kupita kiasi huongeza mwanga wa mgeni. Mkondo wa taa uliopandishwa kupita kiasi nao huharibu: mstari wa mwanga hupanuka, na atomi za shaba zilizo ndani ya taa yenyewe hufyonza kitovu chake, sehemu ambayo sampuli ingeifyonza vizuri zaidi. Kwa hiyo mstari ukianza kupinda mapema kuliko mwezi uliopita, angalieni mwanya na mkondo wa taa kabla ya kulaumu standadi.

Jaribu linalokuja haraka ni kusema, basi tuongeze standadi za 10, 15 na 20 ili sampuli iingie ndani. Hapa ndipo kosa baya zaidi hujificha. Chora mstari ulionyooka kupitia 0, 5, 10, 15 na 20 kwa masomo yaliyotajwa juu, na r, kipimo cha jinsi nukta zinavyoufuata mstari, itakuwa 0.987, namba ambayo wengi wangeipitisha. Lakini mstari huo unakata mhimili kwenye 0.056. Yaani sampuli yenye mg 1 kamili, inayosoma 0.057, itaripotiwa mg 0.04. Shamba lenye shaba ya kutosha litaambiwa halina kitu.

Badala ya kutazama r peke yake, rudisheni standadi kwenye mstari kana kwamba ni sampuli, muone zinajisoma ngapi. Kwenye mfano huu blanki inajisoma −1.4, mg 5 inajisoma 5.8, mg 10 inajisoma 11.4, mg 15 inajisoma 15.6 na mg 20 inajisoma 18.7. Za katikati zimezidi, za pembeni zimepungua. Mpangilio huo ndio alama ya kupinda. Standadi moja iliyokosewa pipeti haifanyi hivyo: yenyewe hutoka nje ya safu, nyingine hubaki mahali pake.

Kuna jambo jingine linalofanana na kupinda na si kupinda. Maji ya DTPA huacha ukoko kwenye mwanya wa bana, yaani kichwa kinachotoa mwali, na vumbi la udongo huziba kinyunyizi. Mkisoma standadi kutoka ndogo kwenda kubwa huku kinyunyizi kikiziba taratibu, za mwisho zitasoma chini na grafu itaonekana imeinama. Dawa ni kurudia mg 1 mara tu baada ya kusoma ya juu. Ikisoma 0.057 kama mwanzo, mstari unapinda kweli. Ikisoma 0.050, suukeni, safisheni bana na kinyunyizi, kisha mtengeneze mstari upya.

Programu nyingi zina chaguo la mstari wa kupinda, na si haramu kuutumia, mradi kuna standadi za kutosha ndani ya sehemu inayopinda na hakuna sampuli inayosomwa juu ya standadi ya mwisho. Shida ni kwamba juu kule kila mtetemo hugharimu zaidi. Mwali ukicheza kwa 0.005, karibu na mg 1 kosa ni kama mg 0.09. Kati ya mg 15 na 20, ambako mg moja huzaa 0.024 tu, mtetemo uleule ni mg 0.2. Kwa sampuli chache za vihamba, kuzimua kunabaki kuwa bora: mL 5 za mchujo zijazwe hadi mL 50 kwa DTPA, kisha hakikisheni somo limeangukia kati ya mg 1 na 5. Likibaki juu ya 5, zimueni mara 20.

Mkiletewa mzigo mzima wa sampuli za vihamba, kuzimua zote kunachosha na kila pipeti ni nafasi ya kukosea. Hapo hamieni 327.4 nm, ambako shaba husoma karibu nusu ya ishara, au geuzeni kichwa cha bana pembeni kidogo ili mwanga upite sehemu fupi ya mwali. Vyovyote mtakavyochagua, standadi zote na blanki zisomwe upya katika hali hiyo, na sampuli zenye shaba ndogo zisubiri hadi bana irudishwe mahali pake.