Kipandauso cha Jumamosi

“Wiki nzima ya kazi ngumu kichwa hakiumi. Jumamosi nikipumzika, kinagonga upande mmoja, mwanga siuvumilii. Kumbe mwili wangu haupendi mapumziko?”

Hapana. Kinachoamsha hicho kipandauso huenda ni mshuko wa ghafla wa shinikizo la kazi. Wakati wa shinikizo hilo mwili hutoa homoni ya kotisoli kwa wingi. Inaaminika kwamba ikishuka, kinga yake dhidi ya maumivu hushuka nayo. Utafiti mdogo wa Marekani wa 2014 uliona hatari ya shambulio ikikaribia mara tano ndani ya saa 6 za kwanza baada ya shinikizo kupungua.

Na Jumamosi huja na mengine. Tuseme siku za kazi unaamka saa 11 na kunywa kahawa saa 12. Jumamosi unaamka saa 4. Ubongo umekosa kahawa kwa saa nne, tumbo tupu. Amka basi kabla ya saa 1, kunywa kahawa ileile, kula, kisha ulale kidogo mchana ukitaka. Zaidi ya hapo, anza kupumzika Jumatano: nusu saa ya kutembea kila jioni, ili Ijumaa usianguke kutoka juu.

Maumivu yanayofikia kilele ndani ya dakika moja si haya; nenda hospitali mara moja.