Kuuza hisa za kuazima: hasara isiyo na dari na kikomo kinachoizuia

Aliyenunua hisa za MTN Uganda kwa shilingi 200 zilipotolewa kwa umma mwaka 2021 alijua tangu siku ya kwanza hasara yake kubwa kabisa ni ipi: shilingi 200 kwa kila hisa. Anayeuza hisa za kuazima hana kipimo hicho. Anauza leo kitu kisicho chake, akitarajia kukinunua baadaye kwa bei ya chini na kukirudisha kwa mwenyewe. Bei ikipanda, hasara yake nayo inapanda, na bei haina dari.

Ukiwa Kampala na akaunti kwa dalali wa soko la Marekani, mambo huenda hivi. Dalali anahakikisha kwanza kwamba hisa za kuazima zinapatikana, kwa kawaida kutoka kwa mifuko ya pensheni au wateja wake wengine. Tuseme unauza hisa 100 kwa dola 20 kila moja. Dola 2,000 zinaingia, lakini huruhusiwi kuzitoa. Zinabaki kama dhamana, na kanuni za huko zinakutaka uongeze dola 1,000 zako. Baada ya hapo, ukitoa gharama ya kuzinunua tena hisa hizo kwenye dola 3,000 hizo, kinachobaki hakipaswi kushuka chini ya asilimia 30 ya thamani ya hisa ulizouza kwa bei ya siku hiyo. Piga hesabu uone jinsi nafasi ilivyo ndogo: bei ikivuka kidogo tu dola 23, tayari unadaiwa pesa zaidi. Usipoziweka, dalali anaweza kununua hisa hizo kwa pesa zako bila kukungoja.

Kisha kuna ada. Hisa za kampuni kubwa huazimwa kwa asilimia ndogo sana kwa mwaka. Hisa zinazogombewa na waazimaji wengi hazipatikani kirahisi, na ada yake inaweza kufika asilimia 60 au zaidi. Kwa dola 2,000, asilimia 60 kwa mwaka ni kama dola 3.33 kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, yaani karibu dola 100 kwa mwezi. Bei isipotikisika kabisa, umeshapoteza asilimia 5. Ada hukokotolewa juu ya thamani ya siku hiyo, kwa hiyo hisa zikifika dola 40 unalipa maradufu, na kiwango chenyewe kinaweza kubadilishwa kesho. Ada ikianza kupanda siku hadi siku, ichukue kama onyo: hisa za kuazima zinaisha.

Zikiisha, ndipo hatari ya kudaiwa hisa inapokuja. Mwenye hisa anaweza kuziuza au kuzihitaji kwa ajili ya kura ya mkutano mkuu, na ana haki ya kuzidai wakati wowote. Dalali asipopata mkopeshaji mwingine, utanunuliwa hisa hizo kwa nguvu, kwa bei ya soko la siku hiyo. Hata kama ulikuwa sahihi kuhusu kampuni, na bei ikaporomoka mwezi unaofuata, wewe umeshatolewa. Na mara nyingi wanaodaiwa ni wengi kwa pamoja, wote wakinunua, na ununuzi wao ndio unaosukuma bei juu zaidi.

Kampuni ya magari ya Ujerumani, Volkswagen, ndiyo funzo kubwa. Jumapili, tarehe 26 Oktoba 2008, Porsche ilitangaza kwamba hisa za Volkswagen ilizoshika, pamoja na haki za chaguo, yaani mikataba inayompa mtu haki ya kununua kwa bei iliyopangwa mapema, zilifikia asilimia 74.1. Jimbo la Ujerumani la Saksonia ya Chini lilikuwa na takriban asilimia 20. Zilizobaki sokoni hazikufika asilimia 6, ilhali zilizouzwa kwa kuazima zilizidi asilimia 10. Ijumaa bei ilikuwa karibu euro 210. Jumatatu ilifunga karibu 520. Jumanne ilipita 1,000 kwa muda.

Aliyekuwa ameweka agizo la kununua bei ikigusa euro 250 hakupata 250. Agizo la kukata hasara hugeuka kuwa agizo la kununua kwa bei yoyote iliyopo, na soko lilikuwa limefungwa habari ilipotoka. Ndiyo maana naamini kikomo cha kwanza ni idadi ya hisa, si agizo. Kama uko tayari kupoteza dola 800, chukulia bei ya dola 20 itaruka hadi 60 usiku mmoja: hasara ni 40 kwa hisa, basi uza 20, si 100. Weka kiwango hicho kwenye mfumo unaotumia kuagiza ili ukatae agizo linalozidi, kwa sababu mtu anayeona bei ikipanda hushawishika kuuza zaidi.

Ukitaka dari ya kweli, nunua haki ya chaguo ya kununua hisa hizo kwa dola 25. Ikikugharimu dola 2 kwa hisa, hasara yako kwa hisa haizidi 7, ukiacha ada ya kuazima, hata bei ikifika 200 na hata ukidaiwa hisa katikati, mradi tarehe ya haki hiyo haijapita.