Mtoto analia kila jioni na kukunja miguu: lini ni chango, lini ni hatari

Katika kliniki ya watoto ninakofanya kazi, hakuna wiki inayopita bila mzazi kuniletea mtoto mchanga ambaye mchana kutwa hana neno, lakini jua likishazama huanza kulia kwa sauti kali, uso umekunjamana, ngumi amezikaza na miguu ameikunja hadi tumboni. Bibi wa mtoto husema ni chango, na mara nyingi bibi huwa amesema kweli. Hata hivyo miguu kukunjwa peke yake haithibitishi chochote, kwa sababu mtoto mchanga anayelia sana kwa sababu yoyote ile hukaza misuli ya tumbo na miguu humfuata. Kinachosaidia zaidi kutofautisha ni saa: kilio kinaanza lini, kinakatika vipi, na mtoto yukoje kinapokatika.

Chango lina ratiba yake. Huanza mtoto anapokuwa na wiki 2 au 3, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua na kwa watoto wengi huisha kati ya mwezi wa 3 na wa 4. Kilio huja zaidi jioni na mwanzo wa usiku, na kinaweza kuendelea kwa saa 3 au zaidi. Humpata anayenyonya maziwa ya mama sawasawa na anayetumia ya kopo, kwa hiyo mama asiambiwe kuwa maziwa yake ni mabaya. Chanzo hasa hakijathibitishwa. Gesi hulaumiwa sana, ila sehemu kubwa ya hewa ile mtoto huimeza akiwa tayari analia, na ndiyo maana kujamba hakumalizi kilio.

Chukua mfano wa mtoto wa wiki 6 aliyezaliwa na kilo 3.1. Mama anaeleza kuwa kwa muda wa wiki 3 mtoto amekuwa akilia kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, karibu kila siku. Jambo la kwanza ninaloomba ni kadi ya kliniki, na hapo naona kwamba sasa ana kilo 4.3. Mtoto wa umri huu hutarajiwa kuongezeka walau gramu 150 kwa wiki baada ya kurudia uzito wake wa kuzaliwa, na huyu amezidi hapo. Mama anasema analowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, ananyonya kwa hamu, na hatapiki isipokuwa kucheua maziwa kidogo. Hana homa. Ninamvua nguo zote, kwa sababu sehemu tatu hufichwa na nguo: kinena, ambako henia iliyobanwa huonekana kama uvimbe mgumu, korodani, ambazo zikijisokota huvimba, na vidole vya miguu, ambako unywele mmoja wa mama unaweza kujizungusha na kukata mzunguko wa damu. Ninapapasa utosi, ambao umelala sawa, na tumbo, ambalo ni laini anapotulia. Baada ya hapo ninaweza kumwambia mama kuwa hili ni chango, na kwamba mtoto huyu hahitaji dawa wala vipimo.

Anachohitaji ni kubembelezwa kwa mpangilio. Ninashauri kuanza na yale ya kawaida, yaani kumnyonyesha, kumcheulisha akiwa wima begani na kumbadilisha nepi; yasipomtuliza, mzazi amweke kifuani ngozi kwa ngozi, amfunike kwa khanga, atembee naye polepole katika chumba chenye mwanga hafifu na watu wachache. Njia moja ipewe dakika 5 hadi 10 kabla ya kujaribu nyingine, kwa kuwa kubadilisha mkono na mtindo kila dakika humchosha mtoto zaidi. Mvumo usiobadilika, kama wa feni au wa mama kumwambia "shhh" kwa muda mrefu, huwasaidia wengi, na wengine hutulia wakiogeshwa kwa maji ya uvuguvugu. Akisinzia alazwe chali.

Kuna jioni ambapo hakuna kinachofaa. Mzazi akihisi hasira inampanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje ya chumba kwa dakika chache, kisha arudi kumwangalia, au amkabidhi shangazi au jirani anayemwamini. Nalisisitiza hili kwa moyo wote, kwa sababu kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kukata mishipa midogo ya damu ndani ya kichwa na kumwachia ulemavu au kumuua.

Kuhusu vya kunyweshwa, msimamo wangu ni mkali. Kabla ya miezi 6 mtoto anahitaji maziwa tu. Asali ni marufuku kabla ya mwaka 1, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha misuli. Mvuje, ambao Pwani hupewa watoto kwa ajili ya chango, umewahi kuripotiwa kumfanya mtoto mchanga aliyenyweshwa apoteze uwezo wa damu kubeba oksijeni. Matone ya kuvunja gesi yanayouzwa madukani hayajaonyesha kuwa bora kuliko maji matupu.

Sasa turudi kwenye saa, maana ndiyo inayofichua ugonjwa ninaouogopa zaidi, yaani kipande cha utumbo kuingia ndani ya kipande kinachofuata na kukwama. Humpata hasa mtoto wa miezi 4 hadi 10, umri ambao chango limekwisha au linaelekea kwisha. Naye hulia kwa ghafla na kukunja miguu, ila kilio chake hudumu dakika chache, hukatika, kisha hurudi baada ya dakika 15 au 20, iwe asubuhi au usiku. Katikati ya vipindi hivyo mtoto wa chango huangaza macho na kutaka kunyonya. Huyu hulegea, viganja na midomo hupauka, na kila awamu humwacha mchovu kuliko iliyopita. Baadaye hutapika, na matapishi huweza kugeuka kijani. Kinyesi chenye damu na ute mwekundu huchelewa kutokea, kwa hiyo kisisubiriwe. Hospitali hutambua tatizo kwa kipimo cha ultrasaundi, na mtoto akifika mapema utumbo huweza kurudishwa kwa hewa au maji yanayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Akichelewa, kinachobaki mara nyingi ni upasuaji.

Kwa hiyo mtoto wa miezi 6 anayeanza "chango" kwa mara ya kwanza apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Apelekwe vilevile, bila kungoja asubuhi, mtoto wa umri wowote anayetapika kijani, mwenye damu kwenye kinyesi, tumbo lililovimba na kuwa gumu, utosi uliotuna, degedege, anayekataa kunyonya au asiyeamka vizuri. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, ni dalili ya hatari hata kama halii sana, na vivyo hivyo akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia.

Mnapofika mapokezi, mwelezeni muuguzi kilio kilianza saa ngapi, kinarudi kila baada ya dakika ngapi, mtoto alinyonya mara ya mwisho lini na matapishi yana rangi gani. Nepi ya mwisho msiitupe; ifungeni kwenye mfuko mje nayo.